Tiketi ni tiketi, mkeka ni mkeka

Msimu wa korosho ukiisha na malipo ya mnada yakiingia kwenye simu, vijana wa Likunja, Ruangwa mjini na Nachingwea huwa na vitu viwili mkononi: hela kidogo na kampuni nyingi za kubeti zinazoitaka. Mikeka ya Ligi Kuu na ya England tumeizoea. Siku hizi kwenye tovuti hizohizo kuna kitufe kingine kimeandikwa Lotto. Ukikibonyeza unakutana na jakpoti za Ulaya na Marekani, unachagua namba zako, unalipia, unasubiri droo.

Wengi wanaamini wamenunua tiketi ya bahati nasibu. Hawajanunua. Wamebeti tu kwamba namba fulani zitatoka kwenye droo ya watu wengine. Tofauti hiyo huioni siku ya kulipia. Utaiona siku ukishinda.

Kwa shabiki wa Namungo tuiweke hivi. Ukikata tiketi pale Uwanja wa Majaliwa, hela yako inaingia kwenye mapato ya mchezo, na kiti chako kinajulikana. Sasa chukulia kuna jamaa amekaa nje ya geti, anapokea hela za watu wanaobishana nani atashinda. Matokeo anayoyatumia ni yaleyale ya ndani, lakini klabu haimjui, TFF haimjui, na hakuna hata senti aliyoipeleka ndani. Namungo ikishinda, wa kukulipa ni yeye, kutoka mfukoni mwake. Tovuti inayobetisha matokeo ya droo ndiye huyo jamaa wa nje ya geti.

Bahati nasibu yenyewe inaendeshwa vingine. Hapa kwetu Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ilitoa leseni ya Bahati Nasibu ya Taifa kwa ITHUBA Tanzania, na mauzo yalianza 2025. Katika michezo ya aina hii sehemu ya kila tiketi inayouzwa hutengwa kuwa fungu la zawadi. Wanunuzi wakiongezeka, fungu nalo linaongezeka, ndiyo maana jakpoti hupanda wiki baada ya wiki ikikosa mshindi. Anayeshinda analipwa na hela za wenzake ambazo tayari zimeshakusanywa.

Chukua mfano wa hesabu ndogo. Tuseme droo ya nje ina jakpoti ya shilingi milioni 500. Tovuti ya kubeti imekusanya kwa wateja wake wote shilingi milioni 2 kwa droo hiyo. Kijana mmoja wa Likunja aliyeweka shilingi 1,000 akapatia namba zote. Anadai milioni 500, na kapu lina milioni 2. Ile milioni 498 inatoka wapi? Haitoki kwenye bahati nasibu ya huko nje, kwa sababu hakuna tiketi yake iliyosajiliwa kule. Ama kampuni ina akiba kubwa, ama imejikatia bima, ama haipo.

Mkulima wa kusini hahitaji kufundishwa hili. Ukipeleka korosho AMCOS, stakabadhi ya ghala unayopewa ina mzigo nyuma yake. Kilo zako zipo ghalani na mnada unazisubiri. Ukimwachia mtu asiyekupa stakabadhi, ulichonacho ni neno lake. Tiketi halali ya bahati nasibu inafanana na stakabadhi. Mkeka wa droo ni neno la mtu.

Tuwe wakweli, si kila anayebetisha droo ni tapeli. Lottoland, kampuni yenye makao Gibraltar, ilimlipa mchezaji wa Ujerumani Euro milioni 90 mwaka 2018 baada ya kupatia namba za EuroJackpot. Iliweza kwa sababu makampuni makubwa ya aina hiyo hukata bima ya jakpoti na yana msimamizi juu yao. Hata hivyo Australia haikuridhika. Kuanzia Januari 2019 ilipiga marufuku kubeti matokeo ya bahati nasibu, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba watu wanadhani wamenunua tiketi kumbe hapana.

Balaa liko kwa kampuni isiyo na bima wala msimamizi. Hiyo ikipigwa jakpoti haina njia ya kulipa, hivyo inatafuta sababu. Sababu zenyewe huwa zimeshawekwa kwenye vigezo na masharti ambayo hakuna aliyesoma. Ya kwanza ni kiwango cha juu cha malipo: tangazo linasema mabilioni, ukurasa wa ndani unasema mchezaji mmoja hatalipwa zaidi ya kiasi fulani. Ya pili ni "kosa la mfumo", maneno yanayoiruhusu kampuni kufuta beti baada ya matokeo. Ya tatu inawauma zaidi vijijini, nayo ni jina. Akaunti ina jina lako, laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha kaka au mjomba, basi unaambiwa taarifa hazilingani.

Na ukitaka kushtaki? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura 345, inayahesabu makubaliano ya kamari kuwa batili. Kinachompa mchezaji pa kusimamia ni leseni ya Bodi chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha. Tovuti isiyo na leseni hapa nchini inakuacha bila Bodi, na mahakamani unaingia na karata mbaya.

Hata leseni yenyewe si ya milele. Julai 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa ikiwemo, na Safaricom ikaamriwa kufunga namba zao za malipo. Hii ilikuwa kampuni ambayo jina lake lilikuwa kifuani mwa Simba na Yanga. Gor Mahia na AFC Leopards zilipoteza udhamini mwaka huohuo. Ukubwa wa jina kwenye jezi hauna uhusiano na usalama wa salio lako.

Kwa hiyo msomaji, kabla hujalipia soma ujumbe wa uthibitisho unaoletewa. Tiketi halali inataja mwendeshaji wa bahati nasibu, namba ya tiketi na namba ya droo. Ukiona neno "beti", "odi" au "ubashiri", jua uko nje ya geti. Tafuta kiwango cha juu cha malipo, na uliza huduma kwa wateja swali moja: jakpoti ikitoka, nani analipa? Kampuni yenye bima hulijibu kwa fahari. Kisha hakikisha jina la kampuni lipo kati ya zilizopewa leseni na Bodi.

Bodi nayo ina kazi. Tunataka kila kampuni inayobetisha droo iandike kwa Kiswahili, juu ya kitufe cha kulipia: "Hii si tiketi ya bahati nasibu." Chini yake iweke kiwango cha juu cha malipo na jina la kampuni ya bima. Ni mistari mitatu tu. Anayeikataa mistari hiyo atakuwa ametuambia mwenyewe kwamba akipigwa hana cha kulipa.