SWALI LA KWANZA LISIWE UKUTA

Katika visiwa vya delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, wako wanafunzi wanaofika shuleni kwa mtumbwi. Mvua na upepo vikichafua maji, siku za masomo hupotea. Mwanafunzi wa namna hiyo akifunua karatasi ya Hisabati ya mtihani wa muhula, na swali la kwanza likawa la somo lililofundishwa siku asipokuwapo, hukwama papo hapo. Dakika 20 zapita, na maswali anayoyaweza, yaliyowekwa nyuma, hayafikii. Alama anazopewa hazielezi anachokijua, bali mahali alipokwama.

Kosa hilo ni la mpangilio. Mara nyingi maswali hufuata mfuatano wa mada, au hupangwa kwa kukisia. Kukisia hudanganya, kwa maana hesabu rahisi ya kutoa yaweza kuwa ngumu kwa sababu ya maneno mengi yaliyoizunguka.

Njia iliyo bora ni kuhesabu. Mwalimu achukue karatasi za mtihani uliopita, ahesabu ni wangapi waliopata kila swali. Katika darasa la wanafunzi 40, swali lililopatwa na 34 ni jepesi. Lililopatwa na 6 ni gumu. Mtihani wa maswali 20 waweza basi kuanza na mepesi matano ya mada mbalimbali, ukafuata na kumi ya wastani, na kumalizia na matano magumu.

Hata swali gumu laweza kuwa na ngazi. Mathalani: mashua yaenda kilomita 24 ikipingana na mkondo kwa saa 3, na kurudi ikifuata mkondo kwa saa 2. Kipengele cha kwanza kiulize mwendo wa kwenda, yaani kilomita 8 kwa saa. Cha pili mwendo wa kurudi, yaani 12. Kwa kugawanya tu, mwanafunzi dhaifu apata alama mbili. Cha tatu kiulize mwendo wa mkondo wenyewe. Hapo hodari atalazimika kutambua kwamba tofauti ya 8 na 12 ina mkondo mara mbili, hivyo jibu ni kilomita 2 kwa saa.

Baada ya kusahihisha, mwalimu atazame maswali ya mwisho. Yakiwa matupu hata kwa wanafunzi hodari, kilichokosekana ni muda, na maswali yapunguzwe. Yakiwa yamejibiwa lakini kwa makosa, ugumu ni wa maswali yenyewe.

Mpangilio haumfundishi kugawanya asiyejua kugawanya. Wala mtihani usijazwe maswali mepesi, maana wote wakipata yote, mwalimu hatajua nani wa kusukumwa mbele. Kazi ya mpangilio ni moja: kila mtoto aonyeshe alichonacho kabla kengele haijalia.