CR12 Yako Inakudanganya

Wasee wa startapu, tuache mchezo. Kila nikisema mtu ahesabu hisa zake kabla ya kusaini, lazima mmoja aniambie, "Heri kipande kidogo cha keki kubwa." Sawa. Lakini unajua chako ni kidogo kiasi gani? Wengi hawajui, juu wanaangalia CR12. Hiyo karatasi inaonyesha wenye hisa wa leo tu. SAFE haionekani hapo, kwa sababu ni pesa umechukua leo kwa ahadi ya hisa za kesho.

Hebu tuhesabu. Wewe na mwenzako mna nusu kwa nusu. Mnachukua milioni 5 kwa SAFE yenye kikomo cha thamani cha milioni 50. Baadaye milioni 8 kwa kikomo cha milioni 80, halafu milioni 5 kwa kikomo cha milioni 100. Kwa fomu ya Y Combinator ya 2018, ambapo kikomo kinajumlisha SAFE zote, hiyo ni asilimia 10, 10 na 5. Na hapa ndipo watu huchomeka: SAFE ya pili haimpunguzii mwenye ile ya kwanza hata kidogo. Hiyo 25 yote inatoka kwenu wawili. CR12 bado inasema 50 kwa 50, lakini ukweli ni 37.5 kila mtu.

Sasa anakuja mwekezaji wa kununua hisa zenyewe. Anataka asilimia 20, tena anataka fungu la asilimia 10 la wafanyakazi litengwe kabla hajaweka pesa yake. Yaani fungu hilo mnalibeba nyinyi na watu wa SAFE, yeye halimgusi. Imebaki 70, na robo tatu yake ndiyo yenu: 52.5. Raundi inayofuata ikiuza 20 tena, mko 42. Yaani 21 kila mtu.

Hapo stori ya keki inaisha, manze, kwa sababu hisa pia ni kura. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inaruhusu mkurugenzi kuondolewa kwa kura za zaidi ya nusu. Kwa 42, hata ukitoa lile fungu la wafanyakazi ambalo halijagawiwa, hamfiki nusu. Kama mkataba wa wanahisa hauwalindi, wengine wakiungana mnatolewa kwa kampuni mliyoanzisha.

Sisemi mkatae doo. Bila hiyo pesa pengine hakuna kampuni. Nasema kabla ya kusaini SAFE ya pili, fungua spredishiti, andika kila ahadi kwa mstari wake, kisha ujaze raundi mbili za mbele pamoja na fungu la wafanyakazi. Ukiona mko chini ya nusu, bishana sasa hivi, kuhusu kikomo, saizi ya fungu na viti vya bodi. Ukishasaini, utabishana na nani?