Njia moja zaidi ya kusambaza maziwa: faida iko wapi?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta, vikundi vya wafugaji vyenye gari la kusambaza maziwa huanza upya mjadala ule ule: tupanue soko au tupunguze safari? Katika mjadala huo dizeli hulaumiwa kwa mengi, wakati mara nyingi tatizo liko kwenye namna hesabu inavyopigwa.

Hebu tuchukue mfano wa kikundi kilichopo Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Kikundi ni cha kubuni na tarakimu zake nimezikadiria ili hesabu iwe nyepesi, lakini mpangilio wake utatambuliwa na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ushirika wa maziwa. Kinapokea lita 1,000 kwa siku. Lita 600 zinasindikwa kuwa mtindi wa pakiti na kupelekwa asubuhi katika maduka ya Arusha mjini kwa pikapu moja. Lita 400 zinazobaki zinauzwa zikiwa ghafi kwa msindikaji mkubwa anayekuja na tenki lake, kwa shilingi 1,300 kwa lita. Pikapu inarudi kabla ya saa sita mchana na kuegeshwa.

Sasa kuna pendekezo kwamba mchana gari lielekee upande wa pili, yaani Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti hadi Boma Ng'ombe. Ni kama kilomita 90 kwenda na kurudi, ukijumlisha kuingia na kutoka madukani. Wanatarajia kupeleka lita 200 kwa bei ya jumla ya shilingi 2,200 kwa lita.

Mwenye jukumu la masoko anasimama na kusema njia hiyo italeta shilingi 440,000 kwa siku. Mweka hazina naye anasema ni hasara, kwa sababu mkopo wa gari, bima na mshahara wa dereva ni shilingi 60,000 kwa siku, na njia mpya lazima ibebe nusu yake. Wajumbe wanagawanyika, na kila upande una karatasi yake.

Karatasi zote mbili zina kasoro. Tuanze na ya mweka hazina, maana ndiyo inayoheshimika zaidi. Mkopo, bima na mshahara vitalipwa gari likienda Boma Ng'ombe na vitalipwa likibaki chini ya mti. Kuipa njia mpya shilingi 30,000 za gharama hizo hakuipunguzii njia ya Arusha chochote kinachotoka mfukoni, ni kuhamisha mzigo kwenye daftari tu. Swali la kuuliza ni hili: tukianza safari hii, ni senti zipi zitatoka ambazo zisingetoka, na zipi zitaingia ambazo zisingeingia?

Kwa swali hilo hilo karatasi ya masoko nayo inapasuka. Shilingi 440,000 si mapato ya nyongeza. Lita zile 200 hazikuwa zikimwagwa. Zilikuwa zinauzwa kwa tenki kwa shilingi 1,300. Hiyo ndiyo gharama halisi ya maziwa kwenye njia mpya. Nimeona wengi wakiandika hapo bei anayolipwa mfugaji, tuseme shilingi 1,000. Mfugaji atalipwa kiasi hicho hicho kwa vyovyote vile. Kinachobadilika ni kwamba msindikaji mkubwa hatalipa zile 1,300. Kosa la shilingi 300 kwa lita linaonekana dogo, lakini kwa lita 200 ni shilingi 60,000 za faida ya hewani kila siku.

Ongeza shilingi 350 kwa lita za pakiti, kuni au gesi ya kuchemshia na kimea cha mtindi. Ukitoa 1,300 na 350 kwenye 2,200, unabaki na shilingi 550. Kila lita mpya inayouzwa inaleta 550 tu za kulipia safari, wala si 2,200.

Neno "mpya" hapo lina uzito wake. Wenye maduka wa Usa River walikuwa tayari wanatuma bodaboda Tengeru kuchukua lita 20 kwa siku, wakilipa bei ile ile kiwandani. Gari likianza kuwafikia, hawatatuma tena. Lita hizo 20 zitaonekana kwenye daftari la njia mpya kama mauzo mazuri, huku daftari la kiwandani likipungua kwa kiasi hicho hicho. Kikundi hakijapata kitu. Kwa hiyo lita mpya ni 180, ambazo zinatoa shilingi 99,000.

Tuiendeshe sasa pikapu. Ikila lita moja ya dizeli kwa kilomita 10, na tukichukua bei ya shilingi 3,000 kwa lita, kila kilomita ni shilingi 300. Matairi, oili na vipuri vinavyochakaa kwa mwendo tuviwekee 150. Kilomita 90 zinakuwa shilingi 40,500. Posho ya mchana ya dereva na muuzaji ni 20,000, na barafu 5,000. Halafu kuna maziwa yanayorudi. Tuseme lita 10 kwa siku hurudi zikiwa zimeumuka au pakiti zimevimba, na mwenye duka halipii. Hizo ni shilingi 22,000 zilizokuwa ndani ya hesabu yetu na hazikuingia.

Toa zote kwenye 99,000, zinabaki shilingi 11,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 299,000 kwa mwezi. Njia inalipa, kwa hiyo mweka hazina alikosea kuiita hasara. Inalipa kidogo mno, kwa hiyo mwenzake wa masoko naye alikosea kushangilia.

Wengi huishia hapo na kupiga kura. Mimi ningewaomba wakae kidogo, kwa sababu "njia" si kitu kimoja. Ni mfululizo wa vituo, na kila kituo kinaweza kuulizwa swali lile lile.

Kata safari pale Kikatiti. Kutoka Tengeru hadi hapo na kurudi, pamoja na kuzunguka madukani, ni kama kilomita 40. Lita zinazoshuka upande huu ni 120, ambapo 100 ni mpya, na hakuna zinazorudi maana maduka ni karibu na mzigo unafika ukiwa baridi. Zinatoa shilingi 55,000. Mwendo unagharimu 18,000, dereva anarudi mapema na posho inakuwa 8,000, barafu 2,000. Zinabaki shilingi 27,000.

Msomaji ataona ajabu iliyopo. Safari fupi inaacha 27,000, ndefu inaacha 11,500. Kipande cha Boma Ng'ombe kinakula shilingi 15,500 kila siku, kikiwa kimejificha nyuma ya faida ya Usa River na Kikatiti. Jumla ya njia nzima ilikuwa chanya, ndiyo maana hakuna aliyekishtukia.

Kwa nini mkia huo hauzai? Gharama yake ya kilomita 50, posho na barafu ni shilingi 37,500. Kwa shilingi 550 kwa lita, lazima ziuzwe lita zisizopungua 69 ndipo gharama irudi. Wanapeleka 80, kwa hiyo zingetosha. Lakini zile lita 10 zinazorudi zote zinatoka huku. Jua la saa tisa upande wa Boma Ng'ombe si la Tengeru, na mtindi unaowekwa rafuni katika duka lisilo na friji hauna maisha marefu. Lita inayouzwa inaleta 550, lakini inayorudi inaondoka na 1,650 za maziwa na pakiti yake. Maana yake kila lita moja inayorudi inafuta faida ya lita tatu zilizouzwa. Hii ndiyo tarakimu ambayo ningeibandika ukutani.

Dizeli je? Ikipanda kwa shilingi 500, safari nzima inaongezeka shilingi 4,500. Inauma, lakini ni ndogo ukilinganisha na 22,000 za maziwa yaliyorudi. Mwezi Agosti 2022, dizeli ilipokuwa juu ya shilingi 3,000, ilikuwa rahisi kwa kamati yoyote kusimamisha safari kwa sababu ya pampu bila kufungua daftari la maziwa yanayorudi.

Boma Ng'ombe haihitaji kuachwa kabisa. Kama mzigo utapelekwa siku moja na kurukwa nyingine, kwa maduka yenye friji peke yake, gari linaweza kushusha lita 120 kwa mara moja. Zinatoa shilingi 66,000 dhidi ya gharama ile ile ya 37,500, na zinabaki 28,500 kwa safari. Sharti ni kwamba friji ziwe zinafanya kazi kweli. Umeme ukikatika siku mbili, hesabu hii inageuka.

Namna ya kujua yote haya si ngumu. Fanyeni majaribio ya wiki mbili na daftari moja ndani ya gari. Andikeni usomaji wa kilomita katika kila kituo, si mwanzo na mwisho wa safari tu. Andikeni lita zilizoshuka na zilizorudi kwa kila duka. Mwulizeni mwenye duka jana alinunua wapi. Na kiwandani, linganisheni mauzo ya mlangoni ya wiki hizo na ya wiki mbili zilizotangulia. Yakishuka, mmejua lita "mpya" zilitoka wapi.

Kuna mahali hesabu yangu inavunjika. Kwanza, yote yanasimama juu ya gari ambalo mchana halina kazi. Arusha ikikua hadi pikapu ikawa inarudi saa kumi, njia mpya itadai gari la pili, na hapo mkopo, bima na mshahara, zile 60,000 ambazo nilizifukuza mlangoni, zinarudi kama gharama za nyongeza halali kabisa. Shilingi 27,000 haziwezi kuzilipa.

Pili ni kiangazi. Kati ya Agosti na Oktoba majani yanapokauka, tuseme maziwa yanashuka kutoka lita 1,000 hadi 600, na zote zina wateja Arusha kwa bei ile ile ya 2,200. Lita utakayoipeleka Kikatiti wakati huo hukuinyang'anya tenki. Umeinyang'anya duka la Arusha. Mapato ya nyongeza ni sifuri, na safari fupi bado inadai shilingi 28,000 za mwendo, posho na barafu. Njia iliyokuwa ikiacha 27,000 kwa siku sasa inapoteza 28,000, bila bei yoyote kubadilika.

Hata hivyo nisingeifunga kabisa miezi hiyo. Mwenye duka akikaa miezi mitatu bila mzigo, nafasi kwenye friji yake itachukuliwa na mwingine. Safari mbili kwa wiki zenye mzigo mdogo zitagharimu shilingi 56,000, na kamati inaweza kuamua kama friji za Usa River na Kikatiti zina thamani hiyo hadi mvua za vuli zitakaponyesha. Boma Ng'ombe wangesubiri.