Maji ya bakuli moja

Mama mmoja wa kijijini Shinyanga alimleta mwanawe wa miaka miwili, anaharisha kwa mara ya tatu tangu mvua zianze. Nikamuuliza kama wananawa kabla ya kula. "Tunanawa wote, daktari." Nikamwomba anieleze wanavyonawa. Bakuli la maji linaanzia kwa baba, linapita kwa wageni, na mtoto analipata mwisho, maji yakiwa yamebadilika rangi. Sabuni hakuna.

Bango la "Nawa mikono kabla ya kula" haliisaidii familia hii, kwa sababu tayari inalitii. Bango lao liseme lile wasilofanya:

Maji ya bakuli moja,
ni ugonjwa wa pamoja.

Hesabu mizani: nane juu, nane chini, na kina kimoja. Sikio la Mswahili limezoea kipimo hicho, hivyo hata asiyesoma atalishika akisomewa mara mbili. Mstari wa pili wa bango unasema wakati na kifaa:

Ukitoka tu chooni,
shika maji na sabuni.

Mwanzo niliandika "msalani". Lilipendeza, lakini bibi mmoja aliniuliza msalani ni wapi. Nikaandika "chooni".

Maji yatiririke kutoka kwenye jagi au kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu dogo, lililofungwa kamba inayovutwa kwa kukanyaga kijiti, ili mkono mchafu usishike dumu. Sabuni itobolewe, ining'inizwe hapo hapo. Kusugua kunahitaji walau sekunde 20. Nilipima kwa saa: mistari hiyo miwili ya "chooni", ikisemwa taratibu, huchukua kama sekunde tano. Basi mtoto aiseme mara nne akisugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha, ndipo asuuze.

Sabuni ikikosekana, majivu ya jikoni yaliyopoa husaidia kusugua uchafu, ingawa siyaweki sawa na sabuni. Wasomaji wa Geita, hasa walio karibu na machimbo madogo kama ya Nyarugusu, hapa muwe waangalifu. Majivu ya mahali panapochomwa dhahabu yenye zebaki yasitumike kabisa. Wala kunawa hakumkingi mchomaji: mvuke wa zebaki huingia kwa pumzi. Hilo lina bango lake.

Bango lenu libandikeni penye choo na penye jiko. Ukutani mwa ofisi ya kijiji hakuna anayekwenda kula. Baada ya wiki, msiwaulize watu kama wameliona. Mwambieni mtoto alighani, kisha mpeni maji na mwangalie anavyonawa. Wa yule mama alighani vizuri sana, kisha akachovya mikono ndani ya ndoo. Tukarudi kwenye bango, tukachora jagi linalomimina.