Skrinshoti ya 49 kwa 41: Ilisema Nini Hasa?



Uchaguzi wa 2027 haujafika lakini skrinshoti za kura za maoni zishaanza kuzunguka kwenye grupu. Unazijua: nguzo mbili za rangi, asilimia kubwa juu yake, na sehemu ya chini ya picha mtu ameikata. Halafu tunaulizwa, "Hii ni kweli?" Swali hilo halina jibu zuri. Uliza hivi: picha hii inaniruhusu kusema sentensi gani? Njia rahisi ya kuelewa ni kuchukua picha ya zamani, ambayo mwisho wake sote tunaujua.

Mwishoni mwa Julai 2022, wiki mbili hivi kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, Infotrak ilihoji watu 9,000 ikatangaza Raila Odinga asilimia 49 na William Ruto asilimia 41. Ipsos ikahoji watu 6,105 ikapata 47 kwa 41. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipotangaza matokeo, Ruto alikuwa na kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, na Raila kura 6,942,930, yaani asilimia 48.85. Sasa shika ile ya Infotrak, tuisome kama vile imekuingilia leo kwa simu.

Kwanza geuza asilimia iwe watu. Asilimia 49 ya watu 9,000 ni watu 4,410. Asilimia 41 ni watu 3,690. Jumlisha, unapata 8,100. Kwa hivyo kuna watu 900 ambao hawako kwenye nguzo zile mbili. Hao ni wale waliotaja wagombea wengine, wasioamua bado, na waliokataa kusema. Kwenye picha iliyokatwa huwaoni kabisa. Weka hiyo 900 akilini, tutairudia.

Pili, kiwango cha makosa. Infotrak iliandika asilimia 1.03, juu au chini. Si namba ya siri. Unaweza kuipata mwenyewe kwa kalkuleta ya simu ukijua idadi ya waliohojiwa tu:

```
98 ÷ √n
98 ÷ √9000 = 1.03
98 ÷ √6105 = 1.25
```

Hapo n ni idadi ya watu waliohojiwa. Maana yake ni hii: tukirudia utafiti uleule mara 100, kila mara tukichagua watu wengine kwa bahati nasibu, basi katika mara 95 hivi jibu letu litakuwa ndani ya umbali huo kutoka kwa jibu ambalo tungepata kama tungehoji kila mtu. Angalia maneno "kwa bahati nasibu". Hesabu hii inapima kosa moja tu, lile la kuhoji wachache badala ya wote. Haipimi mtu aliyekudanganya wala aliyekata simu. Haipimi pia aliyesema atapiga kura halafu siku ikifika akabaki nyumbani.

Tatu, pengo kati ya wawili. Hapa ndipo wengi tunateleza, hata watangazaji. Kile kiwango cha 1.03 ni cha namba moja moja. Wagombea wawili wakikaribiana hivi, kiwango cha makosa cha pengo lao ni karibu mara mbili ya hicho, kwa sababu mmoja akipewa zaidi kimakosa, mara nyingi mwingine amenyimwa. Kwa Infotrak pengo lilikuwa 8, na kiwango chake karibu 2. Kwa hivyo pengo lilikuwa kati ya 6 na 10. Hapo hesabu iko wazi: miongoni mwa watu wa aina waliyofikia, siku zile, waliotaja jina la Raila walikuwa wengi kuliko waliotaja la Ruto. Hiyo ndiyo sentensi picha ile iliruhusu. "Raila atashinda" ilikuwa sentensi nyingine, na ilihitaji ushahidi mwingine ambao haukuwa kwenye picha.

Siku ya matokeo, pengo likawa 1.64 upande wa pili. Tofauti na ile 8 ni karibu pointi 10, na kiwango cha makosa hakifiki hapo hata ukikivuta namna gani.

Sasa tazama kitu ambacho wengi hawakukiona. Raila alitabiriwa 49, akapata 48.85. Namba yake haikukosewa! Ni Ruto aliyetoka 41 hadi 50.49. Ukikumbuka wale watu 900, asilimia 10 kamili, utashawishika kusema basi wote walimwendea Ruto. Pole pole. Inawezekana wasioamua walielekea kwake. Inawezekana wafuasi wake walikuwa wagumu kusema ukweli kwa mhojaji. Inawezekana waliojitokeza hawakufanana na waliohojiwa, maana waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 65 tu ya waliosajiliwa. Inawezekana wengine walibadilisha mawazo ndani ya zile wiki mbili. Namba hizi pekee haziwezi kukuambia ni ipi, na anayekuambia anajua kwa kuangalia picha mbili anakisia.

Kuna pia jambo la msingi wa asilimia. Ile 49 ni kati ya wote waliohojiwa, wasioamua wakiwemo. Ile 48.85 ni kati ya kura halali, na kwenye sanduku hakuna "sijaamua". Kwa hivyo unapolinganisha 49 na 48.85 unalinganisha vitu viwili ambavyo havijapimwa kwa kikombe kimoja. Ukiondoa wale 900, Raila anakuwa na 4,410 kati ya 8,100, yaani 54.4. Kwa kikombe hicho basi hata namba yake ilikuwa juu. Ndiyo, nimetoka tu kusema haikukosewa. Jibu linabadilika ukibadilisha cha kugawanyia, na ndiyo maana huwezi kuandika asilimia bila kusema ni ya nani.

Mnakumbuka hasira ya 2022. Upande mmoja ulisema poli zilionyesha 49 kwa 41, kwa hivyo kura ziliibwa. Upande mwingine ukasema poli zilikosea, kwa hivyo watafiti walilipwa. Skrinshoti haithibitishi hata moja kati ya hayo. Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi tarehe 5 Septemba 2022, iliangalia fomu za matokeo na mitambo ya IEBC. Huko ndiko swali la wizi hujibiwa.

Tuje nyumbani, maana picha inayosambaa sana huku kwetu ni ile inayosema "Kisii wamesema." Mara nyingi imechomolewa kutoka utafiti wa nchi nzima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 kaunti ya Kisii kati ya Wakenya 47,564,296. Hiyo ni kama watu 27 kwa kila 1,000. Utafiti wa watu 2,000 ukigawanywa kwa haki, Kisii nzima inapata watu 53 hivi, kuanzia Kitutu hadi huku Bomachoge. Piga ile hesabu: 98 ÷ √53 ni 13.5. Tuseme picha inaonyesha mgombea mmoja ana 55 na mwingine 40 hapa Kisii. Hao ni watu 29 kwa 21. Pengo ni 15, na kiwango cha makosa cha pengo hilo kinapita 25. Huwezi kusema nani anaongoza. Unaweza kusema tu kwamba kati ya watu 53, wanane zaidi walimtaja huyu.

Na sisi Waislamu je? Sensa hiyohiyo ilihesabu Waislamu 5,152,194, karibu asilimia 11 ya nchi. Katika utafiti wa watu 2,000 tungekuwa kama 218, na kiwango cha makosa 6.6. Hapo unaweza kusema jambo la jumla kuhusu Waislamu wa Kenya, kwa uangalifu. Lakini Waislamu wa Kisii ndani ya wale watu 53 labda ni mmoja au wawili, labda hakuna hata mmoja. Ukiona picha inasema "Waislamu wa Kisii wanamuunga fulani" kutoka utafiti wa kitaifa, hapo hakuna namba ya kujadili.

Sheria iko upande wako pia. Tangu 2012 Kenya ina sheria ya kuchapisha kura za maoni za uchaguzi. Inataka anayetangaza aseme nani alilipia, nani alifanya, lini, watu wangapi waliohojiwa na kiwango cha makosa. Inakataza kutangaza matokeo mapya ndani ya siku tano kabla ya uchaguzi. Mambo hayo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha, palepale panapokatwa. Ukikosa hiyo sehemu, muulize aliyekutumia.

Mwisho ni kura zetu wenyewe za WhatsApp, maana nasi hatuko salama. Tuseme grupu ina watu 240, na tumeuliza shida kubwa ukitafuta kitambulisho ni nini. Skrinshoti inaonyesha: kuombwa stakabadhi za babu, 48, foleni na kurudishwa kesho, 31, nauli, 21. Mtu anaandika "asilimia 48 wanaombwa stakabadhi za babu." Amejumlisha akapata 100. Lakini WhatsApp huruhusu mtu kuchagua majibu zaidi ya moja, mpaka aliyeunda kura azime hiyo sehemu. Fungua orodha ya waliopiga, hesabu majina, unakuta ni watu 64 tu. Basi 48 kati ya 64 ni asilimia 75. Mwingine atagawanya kwa wanagrupu wote 240 apate asilimia 20. Picha moja, asilimia tatu tofauti, na afisa wa usajili atachagua ile ndogo.

Usiweke kiwango cha makosa hapo. Wale 64 hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu, walijitokeza wenyewe, na mwenye kidonda ndiye hujitokeza kwanza. Ukipigia 64 ile fomula utapata 12.25, namba inayopendeza lakini haina maana. Andika hivi kwenye barua: "Kati ya watu 64 waliojibu katika grupu letu lenye watu 240, watu 48 walisema waliombwa stakabadhi za babu." Halafu ambatanisha maelezo ya wale 48, mmoja mmoja, tarehe na ofisi aliyokwenda. Afisa anaweza kubishana na asilimia 75. Watu 48 wenye tarehe itabidi awajibu.