Usimkate mtu alama ati kwa sababu unaona anaondoka

Wacha niseme hii maneno bila kuzunguka. Katika fomu zote za tathmini ya mwaka ambazo nimewahi kusoma, zile mbaya zaidi si za watu wavivu. Za wavivu huwa ziko wazi kabisa, tarehe za kuchelewa ziko, barua za onyo ziko. Fomu mbaya ni ya yule mtu mkali kuliko wote kwa timu, ambaye sai ameboeka na kila mtu anajua ataondoka. Hapo ndipo menija anaanza kuandika kwa woga.

Kabla uniulize najuaje: niliacha chuo mwaka wa pili na sijawahi kusimamia mtu yeyote. Lakini nalipwa kunyoosha maandishi ya watu, na kila ikifika Novemba naanza kutumiwa fomu kwa WhatsApp. "Nipangie hii ikae vizuri." Ukisoma za kutosha unaanza kuona mahali bosi alidanganya.

Chukua hii moja. Jamaa fulani, rafiki ya kakangu, ni msimamizi katika kampuni ndogo ya intaneti za majumbani. Chini yake kuna dada anayeshughulikia malipo ya paybill. Kama hujawahi kufanya hiyo kazi, iko hivi: mteja analipa kwa M-Pesa, lakini kwa sehemu ya nambari ya akaunti anaandika jina lake, ama nambari ya nyumba, ama anakosea tarakimu moja. Pesa inaingia kwa kampuni lakini haina mwenyewe. Mfumo unaona hajalipa, unamkatia intaneti, na yeye anapiga simu akiwa moto. Huyu dada alikuta malipo kama hayo yakitafutwa wenyewe mkono kwa mkono, siku mbili kila wiki. Akajenga jedwali la Excel linalolinganisha nambari ya simu iliyolipa, kiasi, na tarehe ya bili. Ikawa kazi ya asubuhi moja. Hiyo ilikuwa Machi.

Kufika Oktoba, alikuwa anamaliza kazi yake saa tano asubuhi. Kwa mitingi hasemi kitu, na zamani alikuwa anabishana mpaka mnakasirika. Siku zake za likizo anazichukua moja moja, Jumanne hapa, Alhamisi pale. Wewe unajua intavyu huwa siku gani.

Sasa soma alichoandikiwa: "Mfanyakazi mwenye bidii. Anatimiza malengo yake yote. Anahitaji kuonyesha moyo wa timu zaidi na kujituma nje ya majukumu yake." Alama, nne kwa tano.

Nikamuuliza jamaa, mbona nne? Akasema, "Mdogo wangu, nikimpa tano ataitumia kutafutia kazi. Halafu bonasi iko kidogo, si afadhali niipee mtu ataendelea kukaa?"

Hii ndiyo fikra napigana nayo leo.

Kwanza, tathmini ya mwaka ni hesabu ya mwaka uliopita. Januari hadi Desemba, kazi ilifanywa ama haikufanywa? Ilifanywa, na akafanya zaidi. Kumkata alama kwa sababu ya kitu unadhani atafanya Machi mwaka ujao ni kumtoza faini kwa kosa ambalo hajafanya, na ambalo hata si kosa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtu anayelipwa kwa mwezi kuondoka kwa notisi ya maandishi ya siku 28, labda mkataba useme kipindi kirefu zaidi. Ni haki yake, si usaliti.

Pili, na hapa ndipo wengi hawajui. Ukiacha kazi Kenya, mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi, kama ulikaa angalau wiki nne mfululizo. Lakini kifungu cha 51 cha hiyo hiyo sheria kinasema cheti kiwe na jina lako, jina na anwani ya mwajiri, siku uliyoanza, aina na mahali pa kazi, na siku uliyomaliza. Kuhusu kama ulikuwa mzuri, mwajiri halazimishwi kuandika hata neno moja. Kwa hivyo ile fomu ya Desemba inaweza kuwa karatasi pekee katika ofisi nzima inayosema huyu dada alijenga kitu. Miaka mitano baadaye wewe umehama, bosi mwingine amekuja, na huyu dada anataka kurudi akiwa mkubwa. Faili inafunguliwa, inasema hana moyo wa timu.

Na usijidanganye kwamba nne itamshikilia. Anayemhoji kwingine hataiona fomu yako. Ataona dada anayeweza kueleza kwa dakika tatu vile alitoa siku mbili za kazi zikawa asubuhi moja. Nne yako inafanya kitu kimoja tu: aliyekuwa anawaza kuondoka Juni sasa anaondoka Februari, na anaondoka na hasira.

Halafu lile neno "moyo wa timu". Wasimamizi wanachanganya uchovu na kuboeka, na dawa zake ni tofauti kabisa. Aliyechoka, kazi yake inachelewa, makosa yanaongezeka jioni, na ukimletea kitu kipya anakuangalia kama unamtesa. Aliyeboeka, kazi inaingia kwa wakati na iko sawa, lakini hakuna kitu juu yake. Ukitaka kujua ni yupi, angalia siku kitu kimeharibika. Kwa hiyo ofisi kuna siku mfumo wa bili ulituma ujumbe mara mbili kwa wateja, wengine wakalipa mara mbili. Yule dada aliyekuwa amenyamaza miezi miwili alikaa hadi saa mbili usiku akitenganisha malipo, na akaenda nyumbani akicheka. Huyo hajakosa moyo. Amekosa kazi ya kumtosha. Ukiandika "ajitume zaidi" umemwambia shida ni yeye, wakati shida ni deski uliyomkalisha.

Basi iandikwe vipi? Jamaa nilimwambia kwanza asiandike. Aende abonge na yeye kabla ya fomu, nusu saa, nje ya ofisi ikiwezekana. Na asimuulize "unaondoka?" Hilo swali lina jibu moja tu na nyote mnajua ni uongo. Amuulize ni sehemu gani ya kazi ikitolewa kesho hataikumbuka, na ni siku gani mwaka huu saa ziliisha bila yeye kujua. Aliuliza. Dada akasema malipo ameyachoka kabisa, lakini ile wiki ya bili mbili ilikuwa tamu, na angependa kujua mbona mfumo wenyewe unakubali akaunti isiyokuwepo.

Hapo sasa una kitu cha kuandika. Sehemu ya mwaka uliopita ikawa hivi: "Machi alijenga jedwali la kulinganisha malipo yasiyo na akaunti. Kazi iliyochukua siku mbili kwa wiki sasa inachukua asubuhi moja. Wakati wa hitilafu ya bili alitenganisha malipo yaliyorudiwa na kuandaa orodha ya kurudishia wateja pesa kabla ya simu kuanza asubuhi." Alama, tano. Hakuna "mwenye bidii", hakuna "mchapakazi". Mtu ambaye hajawahi kumwona akisoma anajua alichofanya.

Sehemu ya mwaka ujao ndiyo ngumu, kwa sababu hapo menija akiogopa anaanza kuahidi. "Atazingatiwa kupandishwa cheo." Na nani? Lini? Kama huna sahihi ya kumpandisha, usiandike. Mtu aliyeboeka ameshasikia hiyo sentensi mwaka jana, na kuirudia ni kumsukuma mlangoni. Andika kitu kilicho mikononi mwako. Jamaa hana nguvu ya mshahara, lakini ana nguvu juu ya saa za timu yake. Kwa hivyo ikawa: kuanzia Januari dada afundishe wenzake wawili kazi ya malipo, na kufikia mwisho wa Februari asiiguse tena. Siku mbili kila wiki akae na mafundi wa mfumo washughulikie akaunti zisizokuwepo zikataliwe mteja anapolipa tu. Aprili wakae chini waone kama imefanya kazi.

Utasema hiyo ya kufundisha wenzake ni kumkamua kabla hajaenda. Inaweza kuwa hivyo, na yeye ataiona mara moja ikiwa umempa kufundisha juu ya kazi ile ile ya zamani. Tofauti ni kama unamwondolea mzigo. Na ukweli usemwe, kama mtu mmoja tu ndiye anajua vile jedwali linafanya kazi, hiyo ilikuwa shida yako tangu Machi, aondoke asiondoke.

Kuna mahali hii haifanyi kazi. Kama ofisi ni ndogo na hakuna kazi kubwa ya kumpa, mwambie hivyo uso kwa uso, na sehemu ya mwaka ujao iwe fupi. Na kama shida yake ni doo, mradi mpya hautalipa kodi ya nyumba. Usimpe cheo cha jina tu ukiita hiyo ukuaji.

Kitu kingine usiandike kwa fomu: "kuna uwezekano wa kuondoka". Hiyo ni dhana yako, si kazi yake. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mtu ana haki ya kuomba kuona data yake mnayoweka. Fikiria akiisoma hiyo sentensi mbele yako.

Imebaki kile kikao cha kusawazisha alama, pale mameneja wanakaa na kuambiwa tano haziwezi kuzidi idadi fulani. Hapo ndipo mtu wako anauzwa, kwa sababu kuna menija atasema "huyo si anaenda, hiyo tano mpeni wangu." Microsoft walikuwa na mtindo wa kulazimisha alama zigawanywe hivyo, wakauacha 2013. Ofisi yako labda bado iko nao. Kwa hivyo ingia na zile sentensi za Machi na za bili zikiwa zimeandikwa, zisome vile zilivyo, halafu uliza huyo mwenzako wa kwake alifanya nini. Jamaa alifanya hivyo wiki iliyopita. Tano ilibaki. Dada bado hajasema kama anabaki.