Barua ya "fika saa mbili" inawaumiza wazazi wenye watoto wengi

Unaijua ile barua. Hukunjwa mara nne, hutiwa mfukoni, na jioni unamkabidhi mzazi: "Unaombwa kufika shuleni Ijumaa saa mbili asubuhi kuzungumza na mwalimu wa darasa." Tatizo ni kwamba barua hiyo hiyo wamepewa wazazi wote. Watoto 40 darasani, wazazi 40 mlangoni, saa mbili ile ile.

Mwenye mtoto mmoja atapiga foleni, alalamike kidogo, aende zake. Anayeumia ni mama mwenye watoto watatu katika shule moja, mmoja Gredi ya 4, mwingine Gredi ya 7 na mwingine Gredi ya 9. Akisimama kwenye foleni ya Gredi ya 4, jina lake linaitwa Gredi ya 9. Akikimbia huko, anapoteza nafasi aliyokuwa ameisubiri. Kufikia saa sita anakumbuka kibanda chake cha mboga kimefungwa tangu asubuhi. Anamwona mwalimu wa yule anayejiandaa kwa mtihani, kisha anaondoka. Wale wadogo wawili hawajazungumziwa, na muhula unaisha hivyo.

Msimamo wangu ni huu: shule impe kila mzazi saa yake, na familia zenye watoto wengi zipangwe kwanza. Kazi hii haihitaji pesa. Ninyi viranja, au wewe uliyemaliza kidato cha nne na uko nyumbani, mnaweza kumsaidia mwalimu mkuu kuifanya kwa jioni mbili.

Anza na hesabu. Mpe kila mzazi dakika 7: tano za kuongea, mbili za kutoka na mwingine kuingia. Baada ya kila wazazi wanane, acha nafasi moja tupu. Kwa darasa la watoto 40 utapata nafasi 40 za wazazi na 5 tupu, jumla 45. Zidisha kwa 7, ni dakika 315. Ukianza saa mbili kamili asubuhi, unamaliza saa saba na robo. Siku inatosha, na mwalimu anapata pa kupumua.

Kisha tafuta ndugu. Hapa wengi hukosea kwa kufuata majina. Watoto wawili wanaweza kuitwa Otieno bila kujuana kabisa, na ndugu wa nyumba moja wakawa na majina tofauti kwa sababu mmoja ni mtoto wa shangazi. Namba ya simu ya mzazi nayo inasaidia, ila mara nyingine mtoto mmoja ameandikishwa kwa simu ya baba na mwingine kwa ya mama. Njia ya uhakika ni kuuliza darasani: "Nani mwingine hapa shuleni atakayezungumziwa na mzazi yule yule atakayekuja kwa ajili yako?" Kila familia ipe namba. Namba hiyo pia inazuia simu za watu kubandikwa ukutani.

Sasa chukua karatasi kubwa ya manila. Juu andika madarasa, kila darasa safu yake. Kando andika nafasi 1 hadi 45 pamoja na saa zake. Funga kabisa nafasi ya 9, 18, 27, 36 na 45. Hizo ndizo tupu, na ni zile zile kwa madarasa yote.

Anza na familia za watoto watatu na zaidi, kisha za wawili, na mwisho wenye mtoto mmoja. Ni kama kupakia lori: magunia ya viazi hutangulia, vifurushi hujipenyeza baadaye. Ukianza na vifurushi, magunia hayataingia.

Mtazame yule mama wa watoto watatu. Ukijaza kwa kufuata rejista tu, huenda mtoto wa Gredi ya 9 akaangukia nafasi ya 3, na wale wengine wote wawili nafasi ya 31. Mama atamwona mwalimu mmoja saa mbili na dakika 14, asubiri zaidi ya saa tatu, halafu saa tano na nusu atakiwe kwenye vyumba viwili kwa wakati mmoja. Ukimpanga kwanza, unampa Gredi ya 4 nafasi ya 2, Gredi ya 7 nafasi ya 4, na Gredi ya 9 nafasi ya 6. Anaingia saa mbili na dakika 7, na ifikapo saa mbili na dakika 42 amemaliza watoto wote. Ile nafasi moja katikati ni ya kuvuka uwanja na kumtafuta mwalimu.

Ukimaliza, weka rula kwenye kila mstari wa manila. Namba ya familia isitokee mara mbili kwenye mstari mmoja, wala kwenye mistari miwili inayofuatana. Na mzazi akiomba kubadilishiwa saa, abadilishiwe kwenye manila hiyo pekee. Mwalimu wa darasa akimhamisha mtu kivyake, atakuwa amevunja mpango wa darasa jingine bila kujua.

Najua utasema, "Wakenya na saa? Matatu ikikwama je?" Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana ya zile nafasi tupu. Aliyechelewa hakatizi mtu. Anasubiri nafasi tupu inayofuata, na wakiwa wengi wanaosalia wanasubiri mwisho.

Hatari kubwa zaidi ni mwalimu mwenyewe kuchelewa. Gredi ya 4 ikibaki nyuma kwa dakika 20, mama wetu atakosa nafasi zake zote mbili zinazofuata. Dawa yake ni kengele ya shule. Igongwe kila dakika 7 kwa shule nzima, na kila mlango uwe na kiranja mwenye orodha. Kengele ikilia mara mbili na mzazi yule yule bado yumo, kiranja abishe hodi.

Je, dakika tano zinatosha? Zinatosha ikiwa ripoti imefika nyumbani jana yake, na mzazi amekuja na swali badala ya kuja kusomewa alama. Mtoto mwenye shida nzito, kama kutoroka shule au kuonewa na wenzake, hafai kujadiliwa huku mwingine akigonga mlango. Mzazi wake apewe siku nyingine.

Mpango huu una mpaka wake. Unafaa kwa walimu wa madarasa pekee. Mwalimu wa Hisabati anayefundisha madarasa matatu ya watoto 40 ana wazazi 120, na kwa dakika tano tano hizo ni saa kumi mfululizo. Mwalimu wa somo aonwe na wale tu waliomwomba mapema, wakitajwa kwenye barua.

Basi kabla ya muhula huu kuisha, mwendee mwalimu mkuu na hiyo manila. Mwombe jambo moja tu: barua itakayokwenda nyumbani iseme "Saa 2:07, Gredi ya 4, saa 2:21, Gredi ya 7, saa 2:35, Gredi ya 9." Mama akisoma hivyo, atajua kwamba kufikia saa tatu anaweza kufungua kibanda, na kwamba hakuna mtoto wake aliyeachwa nje ya mazungumzo.